Mawimbi ya Maili ya Kumi na Tano

Mimi si mtu wa woga. Nimepanda nguzo za simu kwenye upepo wa Juni, mlima Meru umejifunika blanketi lake la mawingu na vidole vyangu vimekufa ganzi, wala sikuwahi kumwita mama. Lakini ile wiki ya kusubiri barua kutoka Nairobi, hofu ilikaa nami tangu asubuhi hadi jioni. Chai ilinishinda. Nikisikia basi la Nairobi likipiga honi huko Sakina, mimi ndani ya ofisi najifanya ninafuta mita ambayo nimekwisha kuifuta.

Wakati ule Waingereza walikuwa bado wanatutawala, na mimi nilikuwa kijana niliyetolewa kwenye genge la waya nikapelekwa Nairobi kusomea upimaji. Niliporudi Arusha nilipewa meza, kiti na miezi ya majaribio. Nikithibitishwa, ningepata nyumba ya serikali na mke wangu angeshuka kutoka kwao mlimani, alikokuwa amebaki na mtoto wetu wa kwanza. Nisipothibitishwa, narudi kwenye genge, na yeye anabaki huko huko na mtoto anakua akiniita mgeni. Mimi nilikuwa nimepanga chumba kimoja Kaloleni, paa linavuja, jirani anakohoa ukutani. Mahali pa kulea mtoto hapakuwa hapo.

Kazi niliyopewa kujithibitisha ilikuwa mtambo mpya. Zamani jozi moja ya waya kati ya Arusha na Moshi ilibeba mazungumzo ya watu wawili tu; wenye mashamba ya kahawa walikuwa wakigombania laini kama watoto wanaogombania ukoko. Mtambo mpya ulikuwa unapandisha mazungumzo mengine juu ya yale ya kwanza, kila moja kwenye masafa yake, yaani wingi wake wa mitetemo kwa sekunde, mengine juu sana kiasi kwamba sikio la binadamu haliyasikii. Ili yote yapite sawa, lazima ujue waya wenyewe unayapokeaje: masafa ya chini unayapunguza kiasi gani, ya juu kiasi gani. Huo ndio mwitikio wa masafa. Mwenzangu wa Moshi anatuma mlio mmoja, mimi Arusha nasoma mita umefika na nguvu gani. Anapandisha kidogo, nasoma tena. Hivyo hivyo mpaka juu. Kisha nachora.

Injinia mkuu wa Nairobi alikuwa ametupatia mchoro wa hesabu, wa jinsi waya ulivyotakiwa kuitikia. Mstari mzuri, unateremka taratibu kadiri masafa yanavyopanda, laini kama mgongo wa ng'ombe aliyeshiba. Mtambo ukawashwa, watu wakapiga makofi, mimi nikapima.

Mstari wangu ulikuwa kituko. Kwanza wote ulikaa chini ya ule wa hesabu. Pili uliteremka haraka zaidi. Tatu, na hili ndilo lililoniua, haukuwa laini: ulipanda na kushuka, bonde na kilima, bonde na kilima, na mabonde yakizidi kina kila ulipokwenda juu. Nikarudia. Yale yale. Nikarudia mara ya tatu, yale yale.

Mkubwa wa ofisi yetu, Mzungu mrefu mwenye miguu myekundu ya kaptula, aliweka michoro miwili mezani, wangu na wa Nairobi. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Hesabu ya Nairobi haikosei," alisema kwa Kiswahili chake cha amri. "Basi mtu aliyepima ndiye aliyekosea. Siku ya kukabidhi mtambo, mistari hii miwili ilale pamoja. La sivyo nitaandika kwamba ulipandishwa mapema."

Kupandishwa mapema. Mpanda ngazi hushuka, wazee walisema, lakini wao hawakuwa na mke anayesubiri nyumba.

Mwenzangu wa Moshi, kwenye simu, alicheka. "Sasa ndugu yangu, una kalamu ya risasi, una kifutio. Unangoja nini? Chora mstari wanaoutaka, watu wakalale."

Nilimwambia anyamaze. Lakini sitawadanganya, jioni ile nilikaa chumbani Kaloleni na karatasi tupu mbele yangu kwa muda mrefu. Kilichonizuia haukuwa utakatifu. Nilijua tu kwamba mlio ukizama kwenye bonde, mazungumzo ya mtu yatazama humo humo, na yule mtu atapiga kelele, na watapima tena, na jina lililopo pale chini ni langu. Njia ya mwongo fupi. Basi nikachukua ile karatasi nikamwandikia injinia mkuu mwenyewe, aliyekuwa ametufundisha kule Nairobi, nikaifunga barua pamoja na mchoro wangu uliopinda. Nikamkabidhi karani wa basi asubuhi, nikaanza kusubiri.

Huyo injinia alikuwa mzee mkavu, hacheki, masikio yamejaa nywele. Kiswahili alikijua cha karakana, akakitumia bila aibu. Darasani alikuwa akikupokonya koleo mkononi kama unaishika vibaya. Kwa hiyo nilitegemea matusi. Barua ilipofika niliisomea nyuma ya ghala la vikombe, vile vikombe vya kauri vinavyoshika waya juu ya nguzo, nimeegemea ukuta. Ninayo mpaka leo, imechakaa kwenye mikunjo. Aliandika hivi:

"Kijana,

Nimeweka mchoro wako juu ya wangu, nikaushika dirishani. Usiutazame kama kosa moja. Ni makosa matatu yamepandana, na la kwanza ni lako.

Mstari wako wote uko chini kwa desibeli tatu na nusu, juu na chini sawa. Kitu kinachopungua sawa kwa kila masafa hakitoki kwenye waya, kinatoka mkononi. Mita yako ina rizista yake, kizuizi cha umeme cha omu mia sita, ya kuufunga waya mwishoni. Wewe umeiweka, na mtambo nao umeuacha umeunganishwa, nao una mia sita zake. Waya mmoja umeufunga mara mbili. Chomoa mtambo, pima tena.

La pili, mteremko umezidi. Ulipima siku gani? Gazeti linasema Arusha mvua haikatiki. Vikombe vikilowa, umeme hutoroka kidogo kila nguzo, na masafa ya juu hutoroka zaidi. Hesabu yangu ni ya siku kavu. Hapo hakuna mwenye kosa, ila andika hali ya hewa kwenye karatasi yako, usiniache nibahatishe.

La tatu ni yale mawimbi, nayo ndiyo yaliyonifanya niache chakula changu kipoe. Wewe unatoka mlimani, unajua mfereji wa maji ya shamba. Maji yakienda kwenye mfereji ulio sawa, yanakwenda tu. Ukiweka bomba jembamba mahali fulani, sehemu ya wimbi inagonga na kurudi nyuma. Ukiweka bomba la pili mbele, ile iliyorudi kutoka la pili inagonga la kwanza na kufuata wenzake kwa kuchelewa. Waya ni vivyo hivyo. Mlio uliochelewa ukifika pamoja na ule wa moja kwa moja, kuna masafa wanasaidiana, ndiyo vilima vyako, na kuna masafa wanapingana, ndiyo mabonde yako.

Bomba la kwanza nalijua: ni kebo ya ardhini inayoingia ofisini kwenu Arusha. Peke yake isingefanya mawimbi haya. Kuna bomba la pili. Na mchoro wako, kwa kuwa hukuupamba, unaniambia liko wapi. Kutoka bonde hadi bonde ni kilosaiko sita, yaani mitetemo elfu sita kwa sekunde, kila mara. Umeme kwenye waya wa shaba hewani huenda kama maili laki moja na themanini elfu kwa sekunde. Gawanya kwa elfu sita, kisha kwa mbili, kwa kuwa safari ni ya kwenda na kurudi. Ni maili kumi na tano. Tena mabonde yanazidi kina huko juu, na hiyo ndiyo tabia ya kebo: waya zake mbili zimelala karibu karibu, na masafa yakipanda ndivyo zinavyozidi kuwa ngeni kwa waya wa hewani, na mlio kugonga kwa nguvu zaidi.

Ramani yangu kwenye maili ya kumi na tano inaonyesha nguzo na shaba tupu. Basi ramani inasema uongo, na hesabu niliyoifanya juu ya ramani inasema uongo nayo. Hesabu hiyo ni yangu. Waya ule sikuutembea, niliukokotoa nikiwa nimekaa kitini. Mkubwa wako akiuliza nani kakosea, mwonyeshe mstari huu.

Usichimbe chochote kabla ya kupima. Nenda pale, fungua waya kabla ya hiyo sehemu, ufunge kwa omu mia sita, upime. Kisha fanya hivyo hivyo baada yake. Halafu unipigie simu uniambie kuna nini huko. Nataka kujua kabla sijalala."

Niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi mpaka nikaona haya. Ya pili, furaha ikakauka.

Kwa sababu mimi nilijua kuna nini kwenye maili ya kumi na tano.

Ukitoka mjini kwa barabara ya Moshi, ukipita Usa kidogo, kuna mahali twiga walikuwa wakivuka kutoka msitu wa Ngurdoto kwenda nyikani. Twiga hajui waya. Anatembea na shingo yake, shaba inakatika, mashamba yote yanakosa simu, na genge linatolewa kitandani. Nyapara wetu, Mwarusha mwenye ndewe za masikio zilizoning'inia, ndiye aliyenifundisha kupanda nguzo. Alinishika kiuno siku ya kwanza akasema, "Usitazame chini, chini hakuna kazi." Huyo mzee alikuwa na maneno yake ya kujisifu, tuliyachoka: "Mimi ndiye niliyewafundisha twiga adabu. Toka mwaka ule, waya haujakatika tena." Sisi vijana tulicheka tukidhani ni dawa, au ni porojo za pombe. Sikuwahi kuuliza adabu yenyewe ilikuwa nini. Sasa barua ilikuwa imeniambia.

Alikuwa amebakiza msimu mmoja astaafu. Kubadili laini ya serikali bila kibali, bila kuchora, hilo lilikuwa kosa la kumfukuza mtu hata akiwa na mvi. Yaani mimi nipate nyumba, yeye akose uzee wake. Niliona afadhali barua isingekuja.

Nilimfuata kwake Sakina, jua linaelekea kushuka. Alikuwa anapiga nyundo mpini wa shoka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekonda. Mita zinakula nini, nyama ya watu?"

Nikamweleza. Sikumsomea barua yote, nilimwambia tu kwamba mtambo mpya unaona kitu chini ya ardhi baada ya Usa. Nyundo ilisimama. Akanitazama, akatazama shoka.

"Mashine imemwona twiga?"

"Imeona kebo, baba."

"Hakuna kebo," akasema, akaendelea kupiga.

Nilikaa pale mpaka mkewe akaniletea maziwa, nikanywa, nikaaga. Njiani kurudi Kaloleni nilikuwa na hasira naye, na hasira na mimi mwenyewe, na hasira hata na wale twiga. Sikupata usingizi wa maana.

Asubuhi nilimweleza mkubwa wa ofisi kuhusu barua, nikamwonyesha sehemu ya mita na ya mvua na ya mawimbi. Alisoma uso umemganda. Alipofika pale injinia anaposema hesabu ni yake, alisoma tena. "Utapima leo," akasema. "Milio nitatuma mwenyewe kutoka hapa." Nikaelewa kwamba haniamini bado, anataka mkono wake uwe ndani.

Nikatoka kutafuta gari. Nyapara alikuwa amekaa nyuma ya lori, jembe mapajani, kofia ya kazi kichwani. Hakunisalimu. Tulikwenda Tengeru, tukapita Usa. Siku ilikuwa kavu, mlima wote wazi.

Alishuka kabla sijamwambia dereva asimame. Akanyoosha kidole kwenye nguzo. "Hii," akasema. Juu yake waya zilikuwa kama nguzo nyingine yoyote, isipokuwa bomba la chuma lililoteremka upande wa nyuma, limepakwa lami, ukipita kwa gari hulioni. Na mbele yake, hadi nguzo iliyofuata yenye bomba, hewani hapakuwa na shaba. Nimepita pale mara ngapi, na macho yangu haya? Nguzo za katikati zilisimama na waya wa chuma mmoja mtupu, wa kumdanganya mkaguzi anayekagua akiwa kwenye kiti cha gari. Twiga akiukata huo, nani atajua.

Nyapara alipanda mwenyewe, akafungua waya kabla ya bomba. Nikafunga omu mia sita zangu, nikaunganisha mita, safari hii mara moja tu, nikampigia mkubwa kwa simu ya kupimia kwenye jozi nyingine. "Tayari, Bwana." Sauti yake ikaanza kutaja masafa, nami nasoma, naandika, jasho linanidondokea kwenye karatasi. Nane. Kumi. Kumi na mbili. Nilikuwa nangoja bonde kwenye kila namba. Halikuja. Mstari uliteremka taratibu, laini, vile Nairobi ilivyosema.

Tukahamia nguzo ya pili, baada ya kebo. Mkubwa akaanza tena kutoka mwanzo. Na mawimbi yakarudi, bonde na kilima, bonde na kilima.

"Soma tena kilosaiko kumi na tano," akasema mkubwa kwenye simu. Nikasoma. "Soma tena." Nikasoma. "Rudini ofisini," akasema. "Na nyapara naye."

Tukarudi mjini. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi ulimi wangu niliuweka chini ya meno. Nilikuwa nimeshinda, namba zangu zilikuwa kweli, na nilikuwa naogopa kuliko siku zote za wiki ile.

Ofisini, mkubwa alikuwa amekwisha kuomba laini ya Nairobi. Alinipa simu mimi, akabaki amesimama. Nyapara alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kuna nini huko?" Sauti ya injinia, kavu, na mvumo wa waya nyuma yake.

"Kebo ya ardhini, Bwana. Imefukiwa kwa sababu ya twiga. Walikuwa wakikata waya."

"Nani aliifukia?"

Mkubwa ananitazama. Jina lilikuwa pale, na nyumba yangu ilikuwa pale, na mke wangu na mtoto, vyote vimekaa kwenye ulimi mmoja. Nikasema, "Bwana, barua yako inasema hesabu ndiyo iliyokosea."

"Najua nilichoandika. Nimeuliza nani."

Ndipo mkono ukaja pembeni yangu, mkono mgumu wenye makovu ya waya, ukaichukua simu taratibu. Yule mzee alikuwa amevuta waya wa simu karibu maisha yake yote, na sidhani kama aliwahi kuongea na mtu wa Nairobi.

"Jambo, Bwana," alisema kwa sauti kubwa, kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. "Ni mimi nyapara. Twiga walikuwa wanakata. Niliomba nguzo ndefu, hazikuja. Niliomba tena. Kulikuwa na kipande cha kebo ghalani, kimelala tu. Nikafukia. Kijana huyu hakuwepo."

Akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu, kofia ameibana kwapani. Kisha akageuka kwetu, simu bado sikioni, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyejikaza kwa kipigo ambacho hakikuja.

"Anauliza ni yadi ngapi," akasema. "Na makopo ya koili, zile za kupatanisha kebo na waya, yataingia upande gani wa nguzo. Anasema kebo ikae palepale, yeye ataibadilisha hesabu." Akaifunika simu kwa kiganja. "Jina langu hajauliza."

Mkubwa alivuta kiti chake, akakaa. Akachukua mchoro wangu, ule uliopinda, siyo wa Nairobi, akautazama tena kutoka juu hadi chini. Kisha akafungua kalamu yake ya wino na kuweka sahihi chini ya ile yangu.

Mke wangu alishuka mlimani mwezi uliofuata. Nyapara ndiye aliyembebea kitanda.